Jahazi dogo kuliko yote linalotosha: ujaribu moja moja, ukate nusu, au ujaze jedwali?

Wakuu, kuna aina ya swali inawasumbua sana wanaojifunza algoriti. Unapewa vitu, unapewa sharti, halafu unaambiwa tafuta uwezo mdogo kabisa unaotosheleza hilo sharti. Njia za kulitatua zipo zaidi ya moja na zote zinatoa jibu sahihi zikitumika mahali pake, sasa mtu anabaki njia panda hajui ashike ipi. Nimeona watu wanakariri baineri sachi juu ya jibu wanaipachika kila mahali, na wengine wanaiogopa kabisa wanaandika jedwali kubwa ambalo halimaliziki kukimbia. Nataka niziweke njia tatu pembeni kwa pembeni kwenye swali moja tuone kila moja inataka nini na inakupa nini.

Swali lenyewe ni hili. Una mizigo 8 imepangwa foleni bandarini, uzito wake kwa tani ni 7, 3, 9, 4, 6, 8, 2, 5. Foleni hairukwi, aliyetangulia ndo anapakiwa kwanza, na mzigo haukatwi vipande. Jahazi linakwenda safari moja tu kwa siku na una siku 3. Jahazi dogo kuliko yote litakalomaliza kazi ni la tani ngapi?

Jibu ni 19. Nalitaja mapema ili tuangalie njia na sio kubahatisha namba. Jumla ya mizigo ni tani 44, ukigawa kwa 3 unapata 14 na kitu, kwa hiyo wengi huwa wanarusha jibu la 15 haraka haraka. Jaribu: siku ya kwanza 7 na 3, ukiongeza 9 inakuwa 19, haliingii. Siku ya pili 9 na 4. Siku ya tatu 6 na 8, ukiongeza 2 inakuwa 16, imezidi. Zimebaki 2 na 5 hazina siku. Na hata 16, 17 na 18 hazitoshi, foleni inakatika vibaya.

## Nazipima kwa nini

Vigezo vyangu ni vinne tu. Kwanza kazi, yaani kompyuta inapitia foleni mara ngapi. Pili sharti, kitu gani lazima kiwe kweli ili jibu liwe sahihi. Tatu makosa, watu wanajikwaa wapi na utajuaje umejikwaa. Nne inamfaa nani. Kwa upande wa kazi nitatumia pia foleni kubwa, mizigo 50,000, kila mmoja kati ya tani 1 na 500, wastani 250, siku 100, maana kwenye mizigo 8 kila njia inaonekana ina mbio.

Njia mbili za kwanza zinatumia mkaguzi mmoja, kwa hiyo namuweka hapa kabisa. Unampa uwezo wa jahazi, anapakia kwa pupa mpaka pasiposhika tena, anafungua siku mpya, mwisho anakwambia zimetumika siku ngapi:

```python
def siku(mizigo, c):
    n, jumla = 1, 0
    for m in mizigo:
        if jumla + m > c:
            n, jumla = n + 1, 0
        jumla += m
    return n
```

Kwa nini pupa inakubalika hapa? Kwa sababu foleni hairukwi. Kuacha nafasi leo kwa makusudi hakukupi faida yoyote kesho, kunakuachia foleni ndefu zaidi tu. Shika hii sababu vizuri kwa sababu mbele tutaona inavyovunjika.

## Njia ya kwanza: kujaribu moja moja

Kazi. Unaanza na 9, ambao ndo mzigo mzito kuliko yote, unauliza mkaguzi, akikataa unaenda 10, 11, mpaka akubali. Kwenye foleni yetu unauliza mara 11, kuanzia 9 mpaka 19. Kwenye foleni kubwa ukianza hivyo hivyo, kutoka 500 kwenda juu, jumla ni tani 12,500,000 na kwa siku 100 jibu haliwezi kuwa chini ya 125,000, kwa hiyo utapitia foleni ya mizigo 50,000 zaidi ya mara laki moja na elfu ishirini. Hiyo ni hatua zaidi ya bilioni 6, kwa Python unaweza kwenda kula urudi bado inazunguka.

Ila hapa watu wanaionea hii njia. Mipaka inaweza kubanwa. Chini, jibu halipungui jumla ukigawa kwa siku, na halipungui mzigo mzito. Juu, jibu halizidi hiyo jumla iliyogawanywa kwa siku ukijumlisha mzigo mzito, na sababu yake ni nyepesi: mkaguzi akifunga siku maana yake mzigo uliofuata umekosa nafasi, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko mzigo mzito, kwa hiyo kila siku iliyofungwa imebeba zaidi ya wastani unaotakiwa, na siku zote zikibeba zaidi ya wastani mizigo itaisha kabla siku hazijaisha. Kwenye foleni yetu mipaka inakuwa 15 mpaka 24. Kwenye foleni kubwa inakuwa 125,000 mpaka 125,500, majaribio 501 kwa wingi wake, hatua kama milioni 25. Hizo ni sekunde chache tu.

Sharti. Ni mkaguzi awe mkweli, basi. Hapa hujali kama majibu yanapanda vizuri au yanaruka ruka, kwa sababu unapita kila namba na unasimama kwenye ya kwanza inayokubalika.

Makosa. Ni kuanza chini mno, ambalo nitalielezea kwenye njia ya pili kwa sababu ni kosa lile lile na ndo lilinigharimu mimi.

Inamfaa nani. Mwenye mipaka myembamba, na mtu yeyote anayetaka programu ya kuhakikishia nyingine. Mimi kila nikiandika ya kukata nusu naandika na hii pembeni, nazikimbiza zote kwenye foleni ndogo ndogo za kubahatisha mia kadhaa, zikitofautiana hata mara moja najua kuna kitu.

## Njia ya pili: kukata nusu, yaani baineri sachi juu ya jibu

Kazi. Badala ya kupanda ngazi moja moja unaruka katikati. Katikati pakitosha basi jibu liko hapo au chini yake, pasipotosha jibu liko juu yake, unatupa nusu nzima bila kuigusa. Kwenye kodi hii `D` ni idadi ya siku ulizonazo.

```python
lo, hi = max(mizigo), sum(mizigo)
while lo < hi:
    mid = (lo + hi) // 2
    if siku(mizigo, mid) <= D:
        hi = mid
    else:
        lo = mid + 1
print(lo)
```

Tuifuate kwa mkono. Tunaanza na 9 mpaka 44. Katikati ni 26, mizigo inaisha kwa siku 2, inatosha, juu inashuka kuwa 26. Katikati ya 9 na 26 ni 17, inataka siku 4, haitoshi, chini inapanda kuwa 18. Halafu 22 inatosha, 20 inatosha, 19 inatosha, na mwisho 18 inakataa. Chini na juu zimekutana 19. Maswali 6 badala ya 11. Kwenye foleni kubwa, hata ukiacha mipaka mipana kutoka 500 mpaka 12,500,000, ni maswali kama 24, na ukitumia ile mipaka iliyobanwa ni maswali kama 9. Hatua laki 4 na nusu, unagonga kitufe na jibu limeshatoka.

Sharti. Mkaguzi akishasema ndiyo kwenye namba fulani, lazima aendelee kusema ndiyo kwa kila namba iliyo juu yake. Hapana, hapana, hapana, kisha ndiyo, ndiyo, ndiyo, na asirudi tena kwenye hapana. Bila hiyo huna haki ya kutupa nusu, kwa sababu hujui umetupa nini.

Kwenye swali letu sharti linatimia, na watu wengi wanadhani linatimia popote palipo na neno uwezo, kwa sababu nani asiyejua kwamba jahazi kubwa linabeba kila kinachobebwa na dogo? Ni kweli kabisa, jahazi kubwa linaweza. Shida ni kwamba programu yako haiulizi kama inawezekana, inaulizia mkaguzi wako amefanikiwa au la, na mkaguzi anaweza kuvurugwa na nafasi ya ziada.

Angalia huu mfano. Ondoa foleni, mizigo sasa inaruhusiwa kupangwa utakavyo, na una majahazi 3. Mizigo ni 44, 24, 24, 22, 21, 17, 8, 8, 6, 6. Mkaguzi wengi wanaomuandika anapanga kutoka mzito kwenda mwepesi na kuweka kila mzigo kwenye jahazi la kwanza lenye nafasi. Kwa uwezo wa tani 60 anapakia 44 na 8 na 8, halafu 24 na 24 na 6 na 6, halafu 22 na 21 na 17. Majahazi matatu yote yamejaa 60 kamili, imekaa vizuri mno. Sasa mpe tani 61. Ule mzigo wa 17 uliokuwa umekosa nafasi pale kwa 44 sasa unaingia, 44 na 17 ni 61, na kwa kuingia pale unazisukuma zile 8 mbili zikahangaike kwingine, 8 moja inaenda kwa 24 na 24, nyingine kwa 22 na 21, ya 6 moja inapata, na ya 6 ya mwisho haipati mahali. Anaomba jahazi la nne. Umeongeza tani moja na ndiyo imegeuka hapana. Ukikata nusu kwenye mkaguzi kama huyu, akaulizwa 61 kabla ya 60, utatupa sehemu yenye jibu na programu haitakuonyesha kosa lolote, itachapa namba tu.

Makosa. La kwanza ni mpaka wa chini. Mimi liliniangusha kwenye shindano moja, niliandika `lo = 1` kwa kuwa nilijiambia kukata nusu ni kwa haraka, kuanza chini sana kunaongeza maswali machache tu, hakuna madhara. Madhara yapo. Rudi kwenye ile foleni yetu ya mizigo 8 na sema una siku 9. Mpe mkaguzi jahazi la tani 1. Mzigo wa 7 hauingii, anafungua siku mpya na kuuweka humo humo ndani ya jahazi la tani 1 bila kuuliza tena, anafanya hivyo kwa kila mzigo, mwisho anahesabu siku 9 na kusema inatosha. Programu inachapa 1 wakati jibu halisi ni 9. Mifano iliyokuwa kwenye swali ilipita yote kwa sababu siku zilikuwa chache kiasi kwamba jibu lilizidi mzigo mzito, ndo maana sikuligundua mpaka matokeo yalipotoka. Kwa hiyo `lo` ni mzigo mzito kuliko yote, sio 1 wala 0.

La pili ni kitanzi kisichoisha. Ukibadilisha ikawa `lo = mid` huku katikati inakatwa kwenda chini, mara `lo` ikiwa 18 na `hi` 19 katikati inakuwa 18 milele. Ukiona programu imeganda chapa hizo mbili ndani ya kitanzi, zikijirudia zile zile kosa ni hilo.

Inamfaa nani. Mwenye mipaka mipana na sharti linalopanda bila kurudi, na anayeweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini halirudi. Kama huwezi kuieleza hiyo sentensi usiitumie kwanza. Pia inawafaa wenye majibu ya desimali, mfano kasi au urefu wa kamba, kwa sababu huko kujaribu moja moja hakuna maana. Unazungusha mara 60 au 100 hivi bila kulinganisha `lo` na `hi` na unasimama.

## Njia ya tatu: kujaza jedwali, wengi wanaiita dipii

Kazi. Hapa huulizi uwezo fulani unatosha au la. Unajenga jibu kutoka foleni fupi kwenda ndefu. Unajiuliza mizigo 5 ya mwanzo kwa siku 2 inahitaji jahazi la ngapi, mizigo 6 kwa siku 2 je, halafu siku ya tatu unaijenga juu yake kwa kujaribu kila sehemu ya kukata. Kwa foleni yetu, ukikata baada ya mzigo wa 4, zile nne kwa siku 2 zinataka 13 lakini siku ya tatu inabeba 6, 8, 2, 5 ambazo ni 21, kwa hiyo 21. Ukikata baada ya wa 5, siku mbili za mwanzo zinataka 19 na ya tatu inabeba 15, kwa hiyo 19. Baada ya wa 6 ni 19 pia. Baada ya wa 7 ni 20. Ndogo ni 19.

Gharama yake ndo inaumiza. Kila siku unalinganisha kila mwisho na kila sehemu ya kukata, kwa mizigo 50,000 ni kama bilioni 1.25 kwa siku moja, zidisha kwa siku 100. Hiyo Python ya kawaida usiingojee. Kwa mizigo mia mbili mia tatu na siku chache inakwenda vizuri tu.

Sharti. Hapa ndo inalipa. Haitaki mkaguzi wa pupa, haitaki majibu yapande bila kurudi. Inataka tu kwamba ukijua jibu la mwanzo wa foleni unaweza kuongeza siku moja juu yake bila kurudi kuchungulia nyuma ilikatwaje.

Ngoja nioneshe tofauti kwa kuongeza sharti moja dogo ambalo kwenye kazi za kweli lipo: mwenye jahazi hatoki kwa mzigo chini ya tani 8, mafuta hayalipi. Mizigo ni ile ile, siku zisizidi 3. Mkaguzi wa pupa kwa tani 19 anapakia 19, halafu 18, halafu 7. Hiyo 7 iko chini ya 8, anakataa. Kwa 20, 21 na 22 anapakia 19, 20, 5, anakataa. Kwa 23 anamaliza kwa siku 2, 23 na 21, anakubali. Ukikata nusu utapata 23 na utaenda kulala umeridhika. Wakati jedwali linaona mkato mwingine, 7 na 3, kisha 9 na 4 na 6, kisha 8 na 2 na 5, yaani 10, 19, 15. Zote ziko juu ya 8 na jahazi ni lile lile la tani 19. Pupa iliharibu kwa sababu sasa kuacha nafasi leo kuna faida kesho, ile sababu niliyosema uishike imevunjika. Na sio hivyo tu, huyo mkaguzi ukimpa tani 37 anapakia 37 halafu 7, anakataa tena baada ya kukubali 23. Ukiona mkaguzi ana tabia hiyo ujue huyo sio wa kukatiwa nusu.

Makosa. Makosa ya hapa ni ya fahirisi, kukata mzigo mmoja mbele au nyuma, na kusahau kujumlisha uzito mapema. Ukijumlisha upya kila mara unaongeza kitanzi kingine ndani na hata foleni ya mia tano inakuwa nzito. Andaa safu ya jumla limbikizi mwanzoni, uzito wa kipande chochote unakuwa ni kutoa mara moja.

Inamfaa nani. Mwenye foleni fupi na masharti mengi: kiwango cha chini kwa siku, gharama inayotofautiana siku kwa siku, au anayetaka kujua kuna mikato mingapi inayofikia 19 na achague iliyo sawa zaidi. Na yule ambaye kwenye foleni yake kuna namba hasi, mfano mizigo mingine inashushwa njiani, maana hapo pupa haiaminiki tena.

Kuna pia mchanganyiko ambao watu wanausahau. Kwa lile sharti la tani 8, ukweli wenyewe bado unapanda bila kurudi, mkato unaofaa jahazi la 19 unafaa la 20 na kuendelea, aliyekosea ni mkaguzi tu. Kwa hiyo unaweza kuendelea kukata nusu huku ndani yake mkaguzi ni jedwali dogo linalojibu tu kama inawezekana au haiwezekani. Ni mrefu kuuandika lakini ukiweza ndo unapata kasi na ukweli pamoja.

## Sasa wewe uko wapi

Kama mizigo ni mingi, foleni hairukwi, sharti ni uwezo na siku tu, kata nusu, `lo` iwe mzigo mzito.

Kama mzigo mzito ni mdogo, tani 500 au pungufu kama kwenye mfano wangu, na foleni sio ya mamilioni, bana mipaka na ujaribu moja moja, huna sababu ya kuhangaika na kitanzi kinachoweza kuganda.

Kama kuna sharti la ziada linalofanya kuacha nafasi kuwe na faida, usimuamini mkaguzi wa pupa. Foleni fupi, jaza jedwali. Foleni ndefu, kata nusu na mkaguzi mpya.

Kama mizigo inapangwa upendavyo kama ule mfano wa 60 na 61, hakuna kati ya hizi tatu kama nilivyoziandika itakayokupa uhakika wa jibu dogo kabisa. Mizigo ikiwa michache jaribu mipangilio yote, ikiwa mingi tumia pupa lakini mwambie anayesubiri jibu kwamba ni la kukaribia.

Na kama bado huna uhakika mkaguzi wako yuko upande gani, chukua foleni ndogo, chapa majibu yake kuanzia mzigo mzito mpaka jumla yote, yasome kwa macho kwenye mstari mmoja. Ukiona hapana hata moja imejitokeza baada ya ndiyo, acha kukata nusu na urudi kumwangalia mkaguzi.